Kusoma audiogramu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu karatasi ya kipimo cha usikivu

Ukitoka kupimwa masikio unapewa karatasi yenye mistari miwili inayopanda na kushuka, na chini yake neno moja au mawili: "kidogo", "wastani", "mkubwa". Watu wengi hushika neno hilo na kuiacha michoro. Ni afadhali kufanya kinyume chake, kwa sababu neno hilo limetokana na wastani wa namba nne tu, na wastani huficha mengi. Majibu yafuatayo yanaanza na mchoro, kisha ndipo yanafika kwenye majina ya viwango.

Karatasi hii inaonyesha nini hasa?

Inaonyesha sauti ndogo kuliko zote ambayo kila sikio liliweza kuisikia, kwa milio ya aina mbalimbali. Ukienda kutoka kushoto kwenda kulia, mlio unabadilika kutoka mzito hadi mwembamba. Namba zake huandikwa kwa Hz: 250 ni mlio mzito wa chini, 8000 ni mlio mwembamba mkali. Ukienda kutoka juu kwenda chini, sauti inaongezeka ukubwa. Hapo namba ni desibeli, zinaandikwa dB HL, kuanzia -10 juu kabisa hadi 120 chini.

Kila alama kwenye mchoro ni kizingiti, yaani mahali ambapo sauti ilianza tu kusikika. Alama ikiwa chini, maana yake sauti ilibidi iongezwe sana ndipo isikike. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa wamezoea michoro ambayo kupanda kwa namba ni jambo jema. Kwenye audiogramu sikio zima linakaa juu, na namba kubwa ndiyo mbaya.

Sufuri maana yake ni ukimya?

Hapana. Sufuri ni kiwango ambacho vijana wenye masikio mazima huanza kusikia mlio huo, kwa wastani. Mtu mwenye sikio kali anaweza kupata -5 au -10, na hilo si kosa la mashine.

Alama za duara, msalaba na mabano zinamaanisha nini?

Duara (O), kwa kawaida la rangi nyekundu, ni sikio la kulia lililopimwa kwa hedifoni. Msalaba (X), kwa kawaida wa buluu, ni sikio la kushoto kwa njia hiyohiyo. Kipimo hiki huitwa cha njia ya hewa, kwa sababu sauti inapita tunduni, inagonga kiwambo, inapita kwenye vile vifupa vitatu vya sikio la kati, ndipo ifike kwenye koklea, sehemu ya ndani inayopokea sauti na kuipeleka kwenye mshipa wa fahamu.

Alama < na > ni kipimo cha njia ya mfupa. Hapa hutumika kidude kidogo kinachobanwa kwenye mfupa nyuma ya sikio na kutetemesha fuvu. Sauti inafika kwenye koklea moja kwa moja bila kupita tunduni wala kwenye kiwambo. Alama < ni ya kulia, > ni ya kushoto. Ukiona mabano ya mraba, [ kwa kulia na ] kwa kushoto, ujue sikio la pili liliwekewa mvumo wa kelele wakati huo ili lisijibu kwa niaba ya mwenzake. Kwa njia ya hewa, kipimo chenye mvumo huo huchorwa pembetatu kwa kulia na mraba kwa kushoto.

Alama yenye mshale unaoelekea chini inasema kwamba mashine ilifika mwisho wa nguvu zake kwa mlio huo na mtu hakujibu.

Kwa nini sikio la pili liwekewe kelele?

Fuvu ni moja. Ukitetemesha mfupa wa upande wa kushoto, koklea zote mbili zinapata sauti karibu sawasawa. Sikio la kushoto likiwa halisikii kabisa na la kulia likiwa zima, mtu atabonyeza kitufe kwa sababu la kulia limesikia, na karatasi itaonyesha kwamba la kushoto ni zima. Kwa hedifoni za kawaida za kufunika sikio hatari ni ndogo zaidi, lakini sauti inaweza kuanza kuvuka kwenda upande wa pili ikizidi koklea ya upande huo kwa takriban desibeli 40.

Kwa hiyo ukiona karatasi ambayo sikio moja lina namba 10 na jingine 60 kwa hedifoni, na hakuna pembetatu, mraba wala mabano popote, uliza kama kelele ya kufunika ilitumika. Ikiwa haikutumika, namba za sikio baya huenda zinaonyesha hali nzuri kuliko ilivyo.

Kizingiti hupatikanaje? Nilibonyeza hata nilipokuwa na shaka.

Ulifanya sawa. Mpimaji huanza na sikio linalosikia vizuri zaidi, kwa mlio wa 1000 Hz, kwenye desibeli 30 au 40. Ukisikia, anapunguza 10. Usiposikia, anaongeza 5. Anaendelea kushuka 10 na kupanda 5 mpaka apate kiwango cha chini kabisa ambacho unakijibu angalau nusu ya mara anapokirudia akiwa anapanda. Kisha anakwenda 2000, 4000 na 8000, anarudia 1000, halafu anamalizia 500 na 250.

Ule marudio wa 1000 una kazi yake: namba ya pili isipishane na ya kwanza kwa zaidi ya desibeli 5. Ikipishana kwa 10 au 15, mtu hakuwa ameelewa maelekezo, au amechoka, na kipimo chote kinafaa kuanzwa upya. Kinachoharibu zaidi ni kubonyeza kwa mdundo, kila baada ya sekunde fulani, bila kusubiri mlio. Mpimaji mzuri hubadilisha muda wa kunyamaza kati ya mlio na mlio ili kumkamata mtu wa namna hiyo.

Mnaweza kusoma karatasi moja kamili kama mfano?

Tuchukue mtu wa miaka 52 aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga nafaka. Analalamika kwamba sikio la kushoto ni zito. Namba zake kwa njia ya hewa ni hizi:

| Hz | 250 | 500 | 1000 | 2000 | 4000 | 8000 |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Kulia (O) | 10 | 15 | 15 | 25 | 60 | 45 |
| Kushoto (X) | 35 | 40 | 35 | 35 | 65 | 50 |

Kwa njia ya mfupa, upande wa kulia (<) ni 10, 15, 25 na 55 kwa milio ya 500, 1000, 2000 na 4000. Upande wa kushoto, baada ya kulia kuwekewa kelele (]), ni 15, 15, 25 na 55.

Anza na kulia. Milio mizito yote iko juu, pazuri. Kisha kwenye 4000 mstari unatumbukia hadi 60, na kwenye 8000 unapanda tena hadi 45. Shimo hilo karibu na 4000, lenye kurudi juu kidogo baada yake, ndilo dalili inayojulikana ya madhara ya kelele za muda mrefu. Uzee peke yake kwa kawaida huchora mteremko unaozidi kushuka hadi 8000 bila kurudi. Mfupa na hewa vinakaribiana kila mahali, tofauti haizidi 5, kwa hiyo tatizo liko kwenye koklea yenyewe, wala si tunduni wala kwenye kiwambo.

Sasa kushoto. Shimo la 4000 lipo vilevile. Lakini kwenye milio mizito hewa inatoa 40 na 35 wakati mfupa unatoa 15 na 15. Kwenye 500 kuna pengo la desibeli 25, kwenye 1000 pengo la 20. Koklea inasikia vizuri ikifikiwa moja kwa moja, ila sauti inazuiwa njiani. Huenda kiwambo kimetoboka, kuna majimaji nyuma yake, au nta imeziba. Audiogramu haichagui kati ya hayo, inampa daktari wa masikio, pua na koo sababu ya kutazama ndani.

Kwa hiyo mtu huyu ana matatizo mawili katika sikio moja. La kelele halirudi nyuma. La kuzuiwa kwa sauti huenda likatibika, na likitibika vizuri mstari wa kushoto utapanda kuukaribia mstari wa mfupa, lakini hautaupita. Ndiyo maana kabla ya upasuaji wa sikio daktari huangalia mabano yale kwanza: yanamwambia ni kiasi gani kinaweza kupatikana.

Pengo la kiasi gani kati ya hewa na mfupa lina maana?

Pengo la 5 ni jambo la kawaida, na la 10 peke yake halitoshi kuhukumu. Kuanzia 15 na kuendelea, hasa likionekana kwenye milio miwili au zaidi, lichukuliwe kwa uzito. Majimaji nyuma ya kiwambo mara nyingi huleta pengo la kati ya 20 na 40. Mnyororo wa vifupa ukikatika, pengo linaweza kufika karibu 60, na hapo ndipo mwisho wake, kwa kuwa sauti ikizidi hapo hulitikisa fuvu lenyewe na kufika kwenye koklea kwa njia ya mfupa.

Mtu asiyesikia kabisa anaweza kuonyesha pengo la uongo kwenye 250 na 500. Kile kidude cha mfupa kikiwekwa nguvu kubwa kwenye milio hiyo, anahisi mtetemo kwenye ngozi na kubonyeza, ingawa hakusikia chochote. Wagonjwa wa namna hii hupewa matumaini ya matibabu yasiyo na msingi, na hilo linaudhi, kwa sababu swali moja tu lingetosha: ulisikia, au ulihisi?

Kiwango cha upotevu wa usikivu hupatikanaje?

Unajumlisha namba za hewa za 500, 1000, 2000 na 4000 za sikio moja, kisha unagawanya kwa 4. Kwa mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliomo katika ripoti yake ya usikivu ya 2021, matokeo husomwa hivi:

- Chini ya 20: usikivu wa kawaida.
- 20 hadi chini ya 35: upotevu kidogo. Mahali pa kimya mazungumzo hayampi shida. Penye kelele anaweza kupata taabu.
- 35 hadi chini ya 50: wastani. Hata penye utulivu baadhi ya maneno yanaweza kumpita, na kwenye kelele kushiriki mazungumzo ni kazi.
- 50 hadi chini ya 65: wastani unaoelekea mkubwa. Mazungumzo ya kawaida ni shida hata pakiwa kimya. Ukipaza sauti anasikia.
- 65 hadi chini ya 80: mkubwa. Maneno mengi ya kawaida hayasikii, na hata ya sauti ya juu yanaweza kumshinda.
- 80 hadi chini ya 95: mkubwa sana. Hata sauti iliyopazwa ni shida kubwa.
- 95 na zaidi: kutosikia kabisa, au karibu na hapo.

Kwa mtu mzima mwenye masikio mawili tofauti, WHO hutumia sikio lililo bora kumpa mtu kiwango. Sikio bora likiwa chini ya 20 na jingine likiwa 35 au zaidi, huitwa upotevu wa upande mmoja.

Yule wa mashine ya kusaga: kulia ni 15 + 15 + 25 + 60, jumla 115, ukigawanya kwa 4 unapata 28.75. Kidogo. Kushoto ni 40 + 35 + 35 + 65, jumla 175, wastani 43.75. Kiwango cha wastani. Kama mtu, anaandikiwa "kidogo".

Hospitali moja iliniambia "kidogo", nyingine "wastani", ndani ya mwezi mmoja. Nani amekosea?

Huenda hakuna. Mgawanyo si mmoja. Ule wa zamani wa WHO ulihesabu hadi 25 kuwa hakuna tatizo, 26 hadi 40 kidogo, 41 hadi 60 wastani, 61 hadi 80 mkubwa, na kuanzia 81 mkubwa sana. Kliniki nyingine hufuata mgawanyo wa Kimarekani, ambao huuita usikivu wa kawaida kuwa hadi 15 tu, kisha 16 hadi 25 kuwa upotevu mdogo mno. Mtu mwenye wastani wa 38 ni "kidogo" kwa ule wa zamani wa WHO na "wastani" kwa mpya, na sikio lake halijabadilika hata chembe.

Kuna pia wanaohesabu milio mitatu, wakiiacha 4000. Mrudie yule mtu wetu: sikio la kulia kwa milio mitatu ni 55 kugawanya kwa 3, yaani 18 na ushei. Kawaida! Shimo lote la 4000 limefutika kwenye hesabu. Kwa mfanyakazi anayedai fidia ya kelele za kazini, tofauti hiyo si ndogo. Uliza daima ni milio mingapi iliyohesabiwa na ni mgawanyo upi uliotumika, na unapolinganisha vipimo viwili linganisha namba kwa namba, si jina kwa jina.

Nimepoteza asilimia ngapi?

Audiogramu haina asilimia. Desibeli 40 si asilimia 40. Kipimo cha desibeli hukua kwa kuzidisha: kila unapoongeza 10, nguvu ya sauti inakuwa mara kumi, ingawa sikio huihisi kuwa imeongezeka takriban maradufu. Fomu za fidia katika nchi mbalimbali huwa na kanuni zake za kugeuza desibeli kuwa asilimia, na hizo ni za kisheria. Haziwezi kukuambia utasikia nini barazani au msikitini.

Nasikia kwamba mtu anaongea, lakini sielewi anachosema. Karatasi inaeleza?

Mara nyingi, ndiyo. Irabu, pamoja na m na n, nguvu yake iko upande wa kushoto wa mchoro, kwenye milio mizito, na ndizo zinazofanya sauti ya mtu isikike kuwa kubwa. Konsonanti kama s, f, th na sh ni nyembamba na hafifu, nguvu yake iko kulia, kuanzia karibu 2000 na kuendelea. Mwenye mstari unaoporomoka kulia anapata umbo la neno bila ncha zake. Fika, pika na shika kwake vinaweza kuwa neno lilelile. Anakisia kwa muktadha, na kwenye kelele muktadha nao unapotea. Ndiyo maana watu humwambia "unasikia unachotaka wewe tu", na kwa hakika hasikii.

Ukipaza sauti kwa mtu huyu unaongeza irabu ambazo tayari anazisikia. Ongea polepole kidogo, ukimwelekea. Na kifaa cha kusaidia kusikia, wengine huita shimesikio, kinatakiwa kurekebishwa kwa mujibu wa mstari wake, kiongeze kulia zaidi kuliko kushoto. Kile kinachouzwa bila kuangalia audiogramu, kinachokuza kila kitu kwa kiasi kimoja, humletea kelele nyingi na maneno machache.

Kipimo kinaweza kukosea kwa sababu zipi?

Nta iliyojaa ni ya kwanza. Tundu litazamwe kabla ya kuvaa hedifoni. Kelele ya chumba huharibu milio mizito: jenereta au feni ikinguruma nje ya ukuta, 250 na 500 zitashuka hadi 25 au 30 kwa masikio yote mawili, huku 2000 na 4000 zikiwa safi. Hedifoni zikivaliwa kinyume, kulia na kushoto vinabadilishana, na ni jambo linalotokea. Kwa wazee, hedifoni inayobana inaweza kulifunga tundu laini la sikio na kuleta pengo la uongo kwenye milio myembamba. Mpimaji akiishikilia kwa kuilegeza kidogo, au akitumia za kuchomeka tunduni, pengo linatoweka.

Programu za simu zinaweza kukushtua uende hospitali, lakini hazipimi njia ya mfupa, na earphone ya kawaida haijasawazishwa kwa desibeli za kipimo.

Namba imetoka 30 hadi 35. Usikivu wangu unashuka?

Kwa mlio mmoja, tofauti ya 5 ni ya kipimo chenyewe. Tofauti ya 10 kwenye milio miwili inayopakana, au 15 na zaidi kwenye mmoja, inastahili kurudiwa siku nyingine. Kwa anayetibiwa kwa sindano za amikasini au kanamaisini, kama ilivyokuwa kwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu kabla ya dawa za kumeza kuchukua nafasi, mabadiliko ya aina hiyo hayasubiri: huanza na milio myembamba kabisa, 8000 na juu zaidi, wakati mgonjwa bado anaongea na watu bila shida, na daktari anayemtibu aonyeshwe karatasi siku hiyohiyo.

Vivyo hivyo sikio likizimika ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, na audiogramu ikaonyesha hewa na mfupa vyote vimeshuka pamoja upande mmoja. Hiyo ni dharura. Dawa za steroidi hufanya kazi zaidi zikianza ndani ya siku za kwanza, na baada ya wiki chache nafasi inakuwa ndogo. Masikio yakitofautiana kwa muda mrefu bila sababu inayoeleweka, daktari ataagiza picha ya MRI kuangalia kama kuna uvimbe kwenye mshipa wa usikivu.

Mtoto mdogo hawezi kubonyeza kitufe. Anapimwaje?

Kuanzia karibu miezi sita hufundishwa kugeukia sauti kwa kuonyeshwa kikaragosi kinachowaka taa kila anapogeuka. Mara nyingi sauti hutoka kwenye spika za chumba, na karatasi huwekwa alama S. Alama hiyo inaonyesha sikio lililo bora tu: mtoto mwenye sikio moja zima na moja lisilosikia atapata S nzuri. Kwa mtoto mchanga hupimwa mawimbi ya ubongo akiwa amelala, na matokeo yake huwa makadirio ya audiogramu mpaka akue vya kutosha kupimwa kwa hedifoni, sikio kwa sikio.